Nguo au nyumba? Pesa ndogo ya filamu ya Unguja ya mwaka 1925 iende wapi

Ukiwa na hadithi ya Unguja ya zamani na mfuko mdogo, swali la kwanza kikaoni huwa hilo hilo: pesa tuiweke kwenye nyumba au kwenye nguo? Nimekaa kwenye vikao hivyo mara nyingi, na karibu kila mara nyumba hushinda. Mwongozaji anautaka mlango wa nakshi, mpiga picha anaitaka ngazi yenye kivuli, na mtu wa maleba huambiwa aangalie kilichobaki. Mimi ni mtu wa maleba, lakini sidai kwamba nguo ishinde siku zote. Ninachodai ni kwamba nguo na nyumba hazisemi jambo moja, na anayelipa ajue kila moja inamnunulia nini.

Tuchukue onyesho moja tulipime. Mwaka ni 1925. Mwanamke wa makamo katoka shamba, amejitwisha vyungu, anaingia Mji Mkongwe kudai pesa yake kwa bibi wa nyumba ya mawe. Mtumishi anamfungulia. Bibi yuko juu. Wanawake watatu, mlango mmoja, dakika nne. Hakuna anayetaja mwaka, wala anayesema huyu ni nani na yule ni nani. Mtazamaji ayaone mwenyewe.

Kile ambacho nyumba inajua

Nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hufika nusu mita au zaidi kwa unene. Dari inabebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazivuki mita 3 hivi, kwa hiyo chumba nacho hakiwezi kuwa kipana kuliko hapo. Tajiri aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, hakukipanua. Ndiyo sababu vyumba vya pale ni virefu na vyembamba, na mpiga picha akiingia mara ya kwanza hulalamika kwamba hana pa kurudi nyuma.

Usihangaike kuutafutia dawa wembamba huo. Mweke bibi mwisho wa chumba na mgeni mlangoni, halafu iache kamera isimame nyuma ya mgeni. Urefu ule wa chumba, na vile mgeni anavyosita kuuvuka, unaonyesha cheo kuliko kidani chochote utakachomvisha bibi.

Jambo la pili nyumba inalolijua ni juu na chini. Chini palikuwa pa biashara, ghala na watumishi, na zamani zaidi pa watumwa. Juu ndiko kwenye upepo, ndiko familia ilikoishi, na wanawake wa nyumba walikaa huko mbali na macho ya barabara. Katika onyesho letu basi, swali si samani gani ziwemo. Swali ni mwenye vyungu anafika wapi. Akiishia barazani, yeye ni mpita njia. Akiingia hadi behewani, ule uwazi wa katikati ya nyumba, ni mtu anayejulikana. Akiitwa juu, kuna jambo kati yake na bibi ambalo mtazamaji atataka kulijua. Ngazi moja inatosha kuyasema yote matatu, na ngazi hukodishwa kwa nusu siku.

Ukimpeleka mwanamke yule jioni Ng'ambo, mitaa ya wanyonge nje ya Mji Mkongwe, tofauti inakuja bila maneno. Kule nyumba ni za miti na fito, zimekandikwa udongo na kuezekwa makuti. Ukumbi unapita katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua wenye jiko. Hakuna juu. Mtu akisimama uani kila jirani anajua nani kaja. Hata taa ni tofauti: koroboi yenye moshi kwa huyu, chemli ya kioo kisafi kwa yule. Ukizima taa zako za umeme ukaacha koroboi ifanye kazi, uso wa mwigizaji utaangazwa kutoka chini na upande mmoja tu, na ukuta wa nyuma utapotea gizani. Huo ndio usiku wa nyumba ile, na hauna gharama.

Sasa jambo ambalo nyumba hailijui: mwaka. Milango yenye kizingiti bapa ndiyo mtindo wa zamani zaidi, na ile ya tao juu yenye majani na maua ya Kihindi ilienea zaidi kuelekea mwisho wa karne ya 19. Lakini mwaka 1925 yote ilikuwepo, na leo yote ipo. Nyumba iliyojengwa siku za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ingekuwa imesimama katika hadithi ya 1890, ya 1925 na ya 1955. Nyumba inasema "si kabla ya hapo". Haisemi "ni sasa".

Tena ina tabia ya kusaliti. Mita ya umeme, bomba la plastiki, dirisha la alumini, waya uliopita juu ya mlango, hivyo utaviona mapema ukivitafuta. Saruji ni ngumu zaidi kuigundua. Ukuta wa chokaa una kona za mviringo, laini, kama zimelambwa na mvua. Ukuta uliokarabatiwa kwa saruji una kona kali na rangi ya kijivu inayochungulia chini ya chokaa. Kabla ya kukodi nyumba pita na tochi usiku, uiweke ubavuni mwa ukuta, mwanga uteleze juu yake. Kona kali zitajitokeza zenyewe.

Kile ambacho nguo inajua

Nguo inajua mwaka. Katika Unguja inaujua vizuri kuliko mahali pengi, kwa sababu ndani ya maisha ya mtu mmoja nguo za wanyonge zilibadilika kabisa.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Kabla ya hapo, mtumwa alijulikana kwa macho. Alivaa merikani, ile pamba ghafi isiyopaushwa ambayo jina lake linasema ilikotoka, au kaniki, pamba iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Mwanamume mtumwa hakuvaa kofia wala kiatu mbele ya bwana wake. Baada ya uhuru watu hawakungoja kuambiwa. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliiacha kaniki wakanunua kanga, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 buibui likaenea kwa wanawake wa kila tabaka, wakiwemo wale ambao mama zao hawakuruhusiwa kujifunika kama waungwana.

Uzito wa kaniki unauona kwa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akaingia mjini akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Wenye choyo walimtungia wimbo wa kumsuta, na walichokitaja ni kwamba katoka shamba na kaniki mbili. Hawakutaja nyumba aliyozaliwa. Walitaja nguo, na kila aliyesikia alijua maana yake.

Kwa hiyo mwenye vyungu wetu akivaa kaniki mwaka 1925, tumesema jambo zito: miaka 28 imepita tangu utumwa ufutwe naye bado hajaibadili, ama kwa ufukara ama kwa sababu ni nguo ya kazi. Akivaa kanga, tumesema jingine: kajivika uhuru kabla ya kuja kudai haki yake. Mimi ningemvisha vyote viwili. Kaniki kiunoni, maana vyungu vinachafua, na kanga moja, ile nzuri aliyo nayo, mabegani, aliyoifungua karibu na mji. Kama muda upo, mpige picha akiifungua.

Kanga gani? Hapa filamu nyingi huanguka. Kanga za kwanza zenye maneno ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kilatini zilifuata baadaye. Ukimvisha mwanamke wa 1910 kanga yenye jina la Kilatini, umeandika kosa lako kifuani pake kwa herufi kubwa. Kwa 1925 pia nisingethubutu. Na kanga za leo zina rangi nyingi zinazong'aa ambazo za zamani hazikuwa nazo. Njia ya salama ni kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe tunayompa bibi harusi. Ni miongoni mwa mitindo mikongwe kabisa, bado inachapishwa, na mara nyingi haina jina. Ukiikosa, chagua yenye rangi mbili au tatu, halafu ikunje kwa ndani ili jina, linalokaa juu ya pindo la chini, lisionekane. Utapoteza kama robo ya urefu, kwa hiyo mwigizaji mrefu atahitaji kuifunga chini zaidi kiunoni.

Halafu kuna wanga. Kanga mpya inatoka dukani ngumu, ina wanga, ukiitikisa inalia. Watu wa maleba wamezoea kuifua kila nguo ili ionekane ya kweli, na hilo ni kosa kwa bibi wa nyumba. Mwanamke mwenye uwezo alinunua kila toleo jipya lililofika dukani. Ukakamavu wa kanga yake ndio utajiri wenyewe. Basi yake usiifue hata mara moja. Ya mtumishi ifue mara kumi na uianike juani mpaka ilainike, kisha ipauke zaidi kwenye mstari wa mkunjo wa kiunoni, na uitie alama ya mafuta ya nazi pale mkono unapofutwa. Weka kanga mbili hizo upande kwa upande mbele ya kamera, za mtindo mmoja kabisa, na mtu ambaye hajawahi kufika Unguja atajua nani anamtumikia nani. Nililijaribu hili kwenye kazi fupi, na ndiyo picha ambayo watazamaji waliniuliza.

Na buibui je? Buibui ni mtihani, kwa sababu linaficha kile tunachotaka kukisoma. Barabarani mwaka 1925, mke wa tajiri na binti wa mtumwa wa zamani wote wamevaa nyeusi. Wengi walilivalia hilo hasa, lisomeke hivyo. Usilivunje kwa kumwekea tajiri mapambo. Soma miguu: pekupeku, makubazi, au kiatu cha kufunika. Soma kinachochungulia chini: pindo la kanga iliyopauka, au marinda ya suruali iliyopigwa pasi. Soma nani anatembea mbele na nani amebeba. Onyo moja tu: buibui la siku zile lilikuwa kama mfuko mpana wa kitambaa cheusi uliokusanywa kichwani kwa kamba, na mvaaji akalishika kwa mkono. Lile la leo la mtindo wa Ghuba, lenye vifungo mbele na mawe ya kumeta mikononi, limekuja miongo mingi baadaye. Mkono unaoshika buibui ni uigizaji tosha. Mwigizaji akizoea kulishika, ataongea na mkono mmoja tu, na mwili wake wote utabadilika.

Nguo nayo ina kosa lake. Tunapenda kumvisha kila mtu mwaka mmoja. Bibi kizee wa 1925 alikuwa msichana miaka ya 1870, na huenda hakubadili mavazi yake kila mitindo ilipogeuka. Mwekee nguo ya zamani kuliko wenzake, nyumba nzima itapata umri.

Picha za zamani, na mahali zinapodanganya

Mtu wa nyumba na mtu wa nguo wote huenda kwenye picha za zamani, na wote hudanganywa, ila kwa namna tofauti. Mji Mkongwe ulikuwa na studio za picha tangu karne ya 19. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa 1930, imehifadhi hazina kubwa ya picha za karne ya 20. Lakini aliyekwenda studio alivaa alichokiona kizuri kuliko vyote, mara nyingine cha kuazima. Picha ya studio inakuonyesha mtu alivyotaka kuwa. Ukiitumia kumvisha mtumishi wa jikoni, utampandisha tabaka mbili bila kujua. Tena picha ile maarufu ya Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, aliyevaa mavazi ya Kiunguja, ambayo kila mtu huiigiza, ilipigwa Hamburg, Ujerumani, baada ya yeye kuondoka kwao. Inafaa kwa nakshi na mshono. Haifai kwa namna mtu alivyokaa au kutembea nyumbani.

Kwa nguo za kazi tafuta picha za barabarani, bandarini na sokoni, na usimwangalie aliye katikati. Mwangalie aliyepita nyuma, asiyejua kwamba anapigwa. Huyo hakujiandaa.

Kwa nyumba, picha ni mwaminifu zaidi kwa kuwa ukuta haujipambi. Huko tatizo ni kwamba picha nyingi zimepigwa nje, na mambo ya ndani utayapata kwa wazee au kwenye nyaraka za mirathi, ambako vyombo viliorodheshwa kimoja kimoja. Jumba la nyaraka la Kilimani, Unguja, ni mahali pa kuanzia.

Basi tuchague

Kosa tulilolifanya sisi kwenye kazi yetu ya kwanza ya aina hii ni kuweka sehemu 7 kati ya 10 za pesa kwenye nyumba kwa siku nne. Nyumba ilikuwa nzuri kweli. Mtumishi akatokea mlangoni na kandambili za plastiki kwa sababu pesa ya viatu ilikwisha, na bibi akashuka na buibui lenye mawe ya kumeta tuliloazima kwa jirani. Mlango wa nakshi haukuokoa kitu. Kadiri mlango ulivyokuwa wa kweli, ndivyo kandambili zilivyozidi kupiga kelele.

Kwa onyesho letu la vyungu, leo ningeligeuza hivi. Nyumba ya mawe siku moja tu, na ndani ya siku hiyo mlango, behewa na ngazi, basi. Chumba cha juu kionekane kwa mbali kupitia mlango ulio wazi, ili nisikipambe chote. Hilo lichukue sehemu 3 kati ya 10. Sehemu 5 ziende kwenye nguo za wanawake watatu na wapita njia wasiozidi sita, pamoja na viatu na muda wa kufua na kuchosha. Muda huo ni siku tano au sita za jua, na hausukumwi. Mbili zilizobaki ni za vitu vya mkononi: vyungu vya kweli, debe la maji badala ya ndoo ya plastiki, chemli, na pesa. Pesa ile iwe rupia, kwa sababu shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Unguja mwaka 1936. Mwenye vyungu akidai shilingi mwaka 1925, hakuna kanga itakayomtetea.

Lakini ukibadili hadithi, hesabu inabadilika. Kama hadithi yako inapita miaka mingi, tuseme mtoto aliyezaliwa mtumwa 1890 mpaka uzee wake, nyumba ibaki ile ile na pesa yote iliyobaki iwe ya nguo. Mtazamaji atahesabu miaka kwa merikani, kaniki, kanga, buibui, huku ukuta ukimtazama. Kama hadithi ni ya usiku mmoja, ya watu wa familia moja wanaovaa karibu sawa, na ugomvi ni nani alale juu na nani alale chini, nguo haitakusaidia. Huko lipia nyumba, hata kwa sehemu 7, na uwaache wote wavae kanga za kawaida.

Na kama nyumba huna kabisa, usijenge. Ukuta wa mbao uliopakwa chokaa hauna kina, na unene wa ukuta ndio kitu ambacho jicho hukitafuta kwenye dirisha la Mji Mkongwe. Tafuta mlango mmoja wenye kina cha nusu mita. Mweke mtumishi kwenye kizingiti, mwenye vyungu nje juani, na sauti ya bibi ishuke kutoka juu. Bibi asionekane mpaka mwisho, na atakapoonekana iwe mkono tu, ukidondosha rupia mbili ndani ya kanga iliyotandazwa, kanga yenyewe bado ngumu kwa wanga.